Mkulima Kwanza, ila kwenye bango tu: kisa cha agroveti moja ya Nakuru

Mama mmoja aliingia dukani Njoro Jumanne moja ya mwezi Machi, akaweka mkoba juu ya kaunta na kuomba pakiti tano za mbegu ya mahindi, zile za kilo 2. Kilo 10, yaani ekari moja. Alitaja mbegu anayoitaka: ile ya mfululizo wa 600 anayopanda kila mwaka. Kijana wa kaunta akageuka kutazama rafu kisha akasema, "Hiyo imeisha, mama. Lakini kuna hii ingine, hii nayo ni poa sana." Mama akaishika, akaigeuza mara mbili, akauliza, "Itafanya huku kwetu?" Kijana akajibu, "Itafanya." Akalipa, akaenda.

Nilikuwa nimekaa kwenye magunia ya mbolea nikimsubiri mwenye duka. Pakiti alizouziwa yule mama zilikuwa za mfululizo wa 500, mbegu iliyotolewa kwa maeneo ya mwinuko wa kati. Njoro iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na baridi yake inajulikana, ndiyo maana watu wa huko hupanda za 600. Juu ya kichwa cha yule kijana, kwenye fremu ya kioo, kulikuwa na bango la kijani: MKULIMA KWANZA. UAMINIFU. UBORA.

Mama huyo hangejua Jumanne ile kwamba ameuziwa kisichomfaa. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi 6 hadi 8. Angejua baada ya msimu kwisha, na huenda angelaumu mvua.

Kampuni yenyewe sitaitaja, na nimebadilisha vitu vichache ili isitambulike. Ina maduka sita: moja kubwa mjini Nakuru na mengine matano katika miji midogo ya kaunti. Wafanyakazi ni 34. Mwenyewe ni mzee aliyestaafu kazi ya afisa wa kilimo, mtu anayewajali wakulima kwa dhati. Sikuwahi kumtilia shaka katika hilo. Aliniita kwa sababu alikuwa ameshatumia pesa nyingi kuwafanya wafanyakazi wake "mabalozi" wa kampuni na hakuwa akiona tofauti.

Alinieleza alichokwisha kufanya. Aliwapeleka wote hotelini kwa semina ya siku moja. Mkufunzi alitoka Nairobi. Walifundishwa maana ya kila neno la bangoni, wakagawanywa vikundi, wakaigiza, wakapewa tisheti. Jioni walijaza fomu za maoni, na alinionyesha fomu hizo kwa fahari: karibu wote waliandika kwamba semina ilikuwa nzuri sana. Sikushangaa. Chakula kilikuwa kizuri pia. Tangu mwaka 1959, msomi wa Marekani Donald Kirkpatrick alipoandika kuhusu kupima mafunzo, watu wa kazi yetu ya kufundisha wafanyakazi wanajua kuna ngazi nne: mtu alipenda mafunzo, alijifunza kitu, alibadilisha anachofanya kazini, na biashara ilipata matokeo. Fomu ya jioni hupima ngazi ya kwanza tu. Nyingine tatu hakuna aliyezigusa.

Basi nilipomsimulia mzee habari ya yule mama, jibu lake lilikuwa, "Huyo kijana hajui mbegu. Tumfundishe tena." Hapo ndipo tulipoanza kutofautiana.

Kijana alikuwa anajua. Nilimuuliza siku hiyo hiyo, baada ya kufunga, tukinywa chai kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara. Alinieleza tofauti ya 500 na 600 vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi, akaongeza na zile za DH za maeneo makavu. Kwa nini basi alimuuzia? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ningemwambia hatuna, angeenda kwa jirani. Hiyo ni elfu na kitu imetoka kwa mauzo yangu. Na jioni bosi hapigi simu kuuliza nani amepata mbegu gani. Anauliza umeuza ngapi."

Sentensi hiyo ndiyo iliyobeba kisa kizima. Kila muuzaji alikuwa akilipwa kamisheni ya asilimia 1 ya mauzo yake mwenyewe juu ya mshahara. Zaidi ya hapo, maajenti wa dawa walikuwa wakileta zawadi zao: uza katoni kadhaa, upate simu. Kwa hiyo bango lilisema mkulima kwanza, mshahara ukasema mauzo kwanza, na simu ya jioni ikaunga mkono mshahara. Mtu hahitaji kuwa mwovu ili amsikilize anayemlipa. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 kwa sababu wafanyakazi wake, waliobanwa na malengo ya mauzo, walikuwa wakiwafungulia wateja akaunti ambazo hawakuziomba. Nayo ilikuwa na maandishi mazuri kuhusu kumjali mteja.

Nilikaa kwenye kaunta za maduka manne kwa wiki mbili. Sikuwauliza wafanyakazi maadili ya kampuni ni yapi, maana hayo wangeyakariri kama shairi la shule. Niliuliza swali moja: "Ni wakati gani kufanya lililo sawa kunakugharimu?" Walicheka kwanza. Kisha wakaanza kutaja, na majibu ya maduka yote yakaangukia sehemu tatu zilezile. Ya kwanza, mteja anataka kitu ambacho hakipo na kuna kingine kinachofanana nacho. Ya pili, sisi wenyewe tumekosea, tumempa kitu kisicho sahihi, na kukirekebisha kunahitaji pesa. Ya tatu, mteja anataka dawa ambayo haimfai au haihitaji, labda nyanya zake zitavunwa keshokutwa na dawa yenyewe inataka asubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna.

Nyakati tatu. Nilimwambia mzee tusahau maneno ya bangoni kwa sasa, tushughulike na hizo. Kwa kila moja tuliandika mambo mawili pamoja na wauzaji wenyewe: ukiona nini, ufanye nini. Kwa ile ya mbegu ilikuwa hivi: mteja akitaja mbegu yoyote, uliza "Unalima wapi?" kabla hujagusa rafu. Kama inayomfaa haipo, mwambie haipo, piga simu duka letu lingine, na ikiwa haiwezi kufika kesho, mwelekeze aendako kuipata, hata kama ni kwa jirani. Kisha andika kwenye daftari. Ukiuza mbegu, kwangua ile stika ya KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu, iliyo kwenye pakiti, mbele ya mteja na umsaidie kutuma namba yake kwa 1393, ili ajibiwe kwenye simu yake mwenyewe kama mbegu ni halali.

Hilo la stika napenda kulisimulia kwa sababu linaonyesha jinsi neno linavyogeuka kitendo. "Uaminifu" ukiuandika ukutani haumwambii muuzaji afanye nini saa tatu asubuhi. Kukwangua stika kunamwambia. Kunachukua muda mfupi, mteja anakuona, na mtu yeyote aliyesimama dukani anaweza kusema kama umefanya au hukufanya. Ukishindwa kusema "amefanya" au "hajafanya" kuhusu jambo ulilofundisha, basi bado hujalifikisha chini vya kutosha.

Ila maelekezo bila nyenzo ni mzigo tu. Muuzaji wa Njoro akiambiwa apige simu, atapiga kwa salio la nani? Tukaweka salio kwenye simu ya kila duka. Mbegu ikiwa Nakuru, italetwa na nani? Tukakubaliana na mtu wa pikipiki, safari moja kila asubuhi ya msimu. Na lile daftari, ambalo wao wenyewe waliliita Daftari la Waliokosa, lilikuwa na safu nne: mteja wa wapi, alitaka nini, alielekezwa wapi, alirudi au hakurudi. Mwezi wake wa kwanza tu lilimwonyesha mzee kitu ambacho mauzo hayakuwahi kumwonyesha: duka la Njoro lilikuwa linaishiwa mbegu za 600 katikati ya Machi kwa sababu mnunuzi wa Nakuru alikuwa akigawa mzigo sawa kwa maduka yote sita, ya bonde na ya mlimani. Yule kijana alikuwa anasukumwa adanganye na mtu aliye stoo mjini ambaye hakuwa na habari.

Kwenye pesa ndipo tulipogombana kweli. Nilitaka kamisheni ya mtu mmoja mmoja iondolewe, iwe ya duka zima kwa mwezi, na zawadi za maajenti ziingie kwenye mfuko wa duka. Mzee aliogopa kwamba wauzaji wazuri watalegea na wavivu watapanda mgongo wa wenzao. Hofu yake ilikuwa na msingi. Jambo hilo hutokea, na lilitokea Subukia. Tulikubali kujaribu kwenye maduka matano madogo. Duka kubwa la Nakuru lilibaki na mtindo wa zamani kwa sababu mkuu wake, muuzaji hodari kuliko wote, alitishia kuondoka. Nitarudi kwa hilo.

Jambo jingine lilikuwa kiasi cha pesa ambacho muuzaji anaweza kutumia kurekebisha kosa letu bila kumpigia bosi. Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kumruhusu mfanyakazi yeyote kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kutatua tatizo. Mzee alinitazama niliposema hivyo kama mtu aliyeambiwa auze ng'ombe. Tukaanza na Sh1,000 kwa mteja mmoja, na masharti mawili: kosa liwe letu, na liandikwe siku hiyo hiyo. Mbegu iliyofunguliwa hairudishwi, wala dawa iliyokatwa muhuri, kwa sababu hakuna namna ya kujua imechanganywa na nini.

Kwa wiki tano hakuna aliyetumia hata shilingi. Nilikuwa nimezoea kuona hivyo mahali pengine: watu hawaamini ruhusa mpaka wamwone wa kwanza aliyeitumia amefanywa nini. Wiki ya sita, dada mmoja wa Subukia aligundua saa nane mchana kwamba amempa mzee mmoja dawa ya kuua magugu mahali pa dawa ya wadudu. Chupa zilifanana. Akampigia, mzee yule akawa ameshafika nyumbani na anachanganya maji. Dada akamwambia asipulize, akatuma boda boda na chupa sahihi, akalipa Sh800 kwenda na kurudi. Kisha akaandika kwenye daftari na akakaa akingoja kusemwa.

Bosi alimpigia jioni. Baadaye dada alinieleza kwamba kwa sauti ya kwanza ya simu tumbo lilimcheza. Bosi akamuuliza, "Mkulima hajapuliza?" Akajibu hajapuliza. "Basi kesho asubuhi uwaeleze wenzako vile zile chupa zilikuwa zimepangwa." Hakutaja Sh800 kabisa. Asubuhi walihamisha dawa za magugu hadi rafu ya chini upande wa pili, na kufikia wiki iliyofuata maduka mengine yalikuwa yamefanya vivyo hivyo. Ndani ya mwezi, watu wanne walikuwa wametumia ruhusa yao. Msimu mzima jumla ilikuwa Sh7,400 kwa maduka matano. Semina ya hotelini iligharimu mara nyingi zaidi ya hapo.

Sasa mafunzo yenyewe, ambayo watu hutaka kusikia kwanza na mimi huyaweka mwisho. Yalikuwa dakika 20, Jumanne na Ijumaa, kabla ya kufungua duka. Wakati mmoja kati ya zile nyakati tatu, watu wawili kaunta, mmoja mkulima na mmoja muuzaji, wengine wanatazama. Mkuu wa duka anasema jambo moja tu la kurekebisha, sio matano. Kisha wanarudia mara moja, wanafungua duka. Wakuu wa maduka tuliwafundisha kabla, siku mbili, kwa sababu muuzaji humwiga mkuu wake kabla hajamwiga mkufunzi.

Kosa nililofanya mimi ni maneno. Mwanzoni niliwaandikia sentensi za kusema. Siku ya tatu Njoro, kijana mmoja alimwambia mzee aliyekuja kununua dawa ya kupe, "Karibu sana mteja wetu mpendwa, tungependa kujua unalima sehemu gani." Mzee akamtazama, akatuangalia sote, akasema, "Kwani huyu ametoka redioni?" Duka zima likaangua kicheko, na kijana naye. Tangu hapo niliwaachia kitendo tu. Maneno wakatafuta wenyewe, kwa Kiswahili, kwa Gikuyu, kwa Kikalenjin, kulingana na aliyesimama mbele yao. Lakini nilishikilia swali lenyewe lisikose. "Unalima wapi" linaweza kuulizwa kwa namna kumi, sharti liulizwe.

Tulipimaje? Tulituma wateja wa siri, watu wanaolima kweli na wasiojulikana dukani, wakaombe mbegu. Mwaka ule wa kwanza, kabla ya lolote, ziara zilikuwa 12, mbili kwa kila duka, na mteja aliulizwa anakolima katika 3 tu. Mwaka uliofuata, wiki zilezile za Machi, aliulizwa katika 9 kati ya 12. Nilifurahi kwa siku mbili. Kisha nikaangalia saa za ziara: zote zilikuwa asubuhi, siku zisizo za soko. Tukawatuma tena siku ya soko saa sita mchana, foleni ikiwa imefika mlangoni. Ziara nne, swali mara moja.

Ni rahisi kusema walirudi nyuma. Ukikaa pale kaunta unaona kinachotokea: mtu ana watu tisa mbele yake, wawili wanampungia pesa, na swali moja la ziada linazaa maongezi ya dakika tatu. Duka la Njoro lilipata dawa yake lenyewe. Siku za soko, mmoja wao anasimama nje ya kaunta, kwenye foleni, anauliza kila mtu analima wapi na anataka nini, anaandika kwenye kikaratasi. Mteja akifika mbele anatoa kikaratasi. Ziara nne zilizofuata hapo zilipata swali mara tatu. Idadi hizi ni ndogo na sitazifanya ziwe kubwa. Zinanionyesha mahali pa kuangalia, basi.

Daftari nalo lina hila zake. Duka moja, ambalo sitalitaja hata kwa mji, lilikuwa na daftari safi ajabu: kila siku mistari minne, kalamu ile ile, mwandiko ule ule usiotetereka. Kwenye madaftari mengine kulikuwa na madoa ya chai, kalamu tatu tofauti, siku nyingine hakuna kitu na siku ya soko mistari 15. Lile safi lilikuwa likijazwa Ijumaa jioni. Hatukumfukuza mtu. Tulipunguza safu kutoka nne hadi tatu, na mzee akaacha kuuliza wameandika mingapi, akaanza kuuliza, "Nani alikosa nini wiki hii?" Ukiuliza idadi utapewa idadi.

Mauzo ya maduka matano yalishuka miezi miwili ya kwanza, na mzee alinipigia usiku mmoja akitaka kuacha. Yalipanda baadaye, msimu ulipofika na mgao wa mbegu uliporekebishwa. Je, ni mafunzo? Mvua za mwaka huo zilianza mapema, na duka moja la karibu lilifungwa. Siwezi kutenganisha hayo, na anayeweza kukuambia kwa hakika kwamba tabia njema ilileta asilimia fulani ya mauzo kutoka maduka matano ana kitu anakuuzia.

Duka kubwa la Nakuru ndilo lililonishinda. Lilipata mafunzo yaleyale, dakika 20 zilezile, ruhusa ileile ya Sh1,000. Ziara za siri za mwaka wa pili: mbili, swali sufuri. Kamisheni ya mtu mmoja mmoja ilibaki, zawadi za maajenti zilibaki, na wauzaji wadogo walikuwa wakimtazama mkuu wao, si mimi. Mzee anajua. Huyo jamaa huleta karibu theluthi ya mauzo yote ya kampuni, na mzee ana karo za wajukuu. Alinitaka nichape mabango mapya kwa ajili ya duka hilo. Nilikataa, na mpaka leo hatujaelewana juu yake.

Mara ya mwisho nilipopita Njoro nilifungua daftari lao. Mstari wa juu, kwa kalamu nyekundu: "Mama wa Kihingo, 600, imeisha, kapelekwa kwa jirani. Amerudi, kanunua dawa ya kupe." Nilimuuliza kijana kama na jirani huwa anawatumia wateja. Akacheka. "Huyo? Hata mmoja."